Nyumba Tulizozipima kwa Kamba

Tangazo lilikuwa limebandikwa ukutani kwenye ofisi ya komine, yaani ya wilaya ya mji, katikati ya orodha ya vijana walioitwa kazi ya jumuiya na karatasi ya zamani iliyokwisha kupaushwa na jua. Nilikuwa nimekwenda kutafuta cheti cha makazi ambacho shule ilikidai. Foleni ilikuwa ndefu, nikasoma kila kitu kilichokuwa ukutani, kama walimu tunavyofanya. Ndiyo maana nikaliona.

Lilisema kwa Kifaransa kwamba kampuni moja ya mawe imeomba ruhusa ya kuchimba na kupasua mawe kwa baruti karibu na mto Naviundu, na kwamba kabla ruhusa haijatolewa umma unaalikwa kutoa maoni. Walioitwa umma wangekuta faili la maombi na daftari la maoni mezani kwa karani. Siku thelathini. Nilihesabu tangu tarehe ya muhuri: kumi na moja zilikuwa zimekwisha pita na hakuna mtu kwetu aliyejua.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nafundisha darasa la nne, napanga chumba kimoja juu kidogo ya mtaa ambao wenyewe tuliuita Kilimani ingawa haukuwa na kilima ila vichuguu vya mchwa. Kwa udongo wa vichuguu hivyo watu walifyatua matofali. Waliojenga ni wafanyakazi waliostaafu migodini, wajane, wauza makala, yaani makaa ya kupikia, watu waliochoka kupanga vyumba mjini. Hakuna aliyewapa viwanja. Chifu wa zamani aliwaonyesha mahali kwa fimbo, wakampa kuku, wakajenga.

Karani aliyeshika faili alikuwa mtu wa makamo, mpole, koti la abakosti, lile la kiserikali lisilovaliwa tai, limepigwa pasi vizuri. Siku zile ofisini hakukuwa na bwana wala bibi, wote tulikuwa citoyen na citoyenne, raia wa kiume na raia wa kike.

"Citoyen, naomba kuona ile faili ya mawe."

Alinitazama kwa furaha ya kweli. "Citoyenne, uko muntu wa kwanza. Kaa. Utasoma hapa, kubeba hapana."

Nilisoma siku tatu, baada ya vipindi, kwenye benchi lake. Faili lilieleza kila kitu kwa adabu. Baruti zingelipuliwa mara mbili kwa wiki. King'ora kingelia kabla. Vumbi lingemwagiwa maji. Mtikisiko usingeleta madhara, kwa sababu, na hapo nikasimamisha kidole, ndani ya mita mia tatu kutoka ukingo wa shimo hakuna makao ya watu. Ramani ilikuwa imekunjwa nyuma. Niliikunjua. Mto ulikuwepo, barabara ilikuwepo, hata mti mmoja mkubwa ulikuwa umechorwa. Mahali petu paliandikwa *brousse*, yaani pori.

Nilinakili ramani ile kwa penseli na kuipeleka kwa mzee mmoja jirani, mstaafu aliyekuwa mpiga baruti mgodini miaka ishirini na saba. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa, kwa hiyo ulikaa kulia kwake kila mara. Alikuwa mmoja wa watu wanne tu pale waliokuwa na karatasi ya kiwanja, kwani alipostaafu aliifuatilia mwaka mzima. Aliiangalia ramani, akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Beko banasema shiye haiko."

"Njo banavyosema, Baba. Hatuko."

"Na libwe likiruka?" Alinyanyua mkono kama jiwe linaloruka juu ya paa lake, akauzungusha, akaushusha polepole mpaka kwenye goti langu. "Minaona libwe ya kilo kumi inaruka kupita mita mia mbili. Ilianguka mu jiko ya muntu. Mama alikuwa anapika bukari. Mwalimu, andika."

Nilikuwa tayari nimeandika. Ukurasa mzima, kwa Kifaransa changu kizuri: mateso yetu, watoto wetu, haki yetu kama wananchi. Nilimtafsiria. Alisikiliza mpaka mwisho, akaupasua vipande viwili bila hasira.

"Ile ni kilio. Kilio haina namba. Ingenieri akiona kilio anageuza ukurasa. Umwandikie mita. Nyumba ile, mita ngapi. Kisima kile, mita ngapi. Bantu ngapi beko balala mule. Matafari ya udongo ao ya kuchoma. Muntu atasoma, atashindwa kusema haiko."

Nimefikiri sana juu ya maneno hayo na bado naamini yalikuwa kweli. Ndivyo maoni yanavyopaswa kuandikwa.

Tukapima. Alikuwa na kamba ya mkonge. Tukaifunga fundo kila baada ya mita tano mpaka ikafika hamsini. Wapimaji wa kampuni walikuwa wameacha vigingi vyenye rangi nyekundu kwenye nyasi, pale ukingo wa shimo utakapokuwa, tukaanzia hapo. Yeye alishika mwanzo wa kamba, mimi mwisho, tukatembea nyumba kwa nyumba wakati wa baridi ya Juni, vumbi likiwa tayari limekaa juu ya kila kitu hata bila shimo. Jumapili ya kwanza tulikuwa wawili. Jumapili ya pili watu waliacha ibada mapema, wakatufuata nyuma, wanabishana juu ya vipimo kama wanaonunua kitambaa. "Vuta vizuri, Mwalimu! Mita yangu musiibe!" Mtu aliyeonekana yuko mita mia moja na ishirini alifurahi kuliko aliyekuwa mia mbili na themanini. Kila mtu alitaka kuwa karibu. Tulikuwa tumewaambia kwamba walio karibu ndio wenye neno lenye uzito.

Nyumba ya karibu kabisa ilikuwa ya mjane mmoja aliyepika munkoyo, kinywaji cha mahindi, na kuuza kwa vikombe. Mita sitini na tano. Aliijenga peke yake kwa miaka minne, matofali akiyafyatua mwenyewe, na mlangoni alikuwa ameweka baraza dogo la saruji alilolisugua mpaka linang'aa. Alituacha tupime. Alitupa munkoyo. Lakini nilipofungua daftari langu kuandika jina lake, akaweka mkono juu ya ukurasa.

"Jina hapana."

"Mama, bila jina hawaihesabu. Maoni yasiyo na jina wanayatupa."

"Serikali haiyaandika jina yangu fasi yoyote. Kodi hapana, kadi hapana, hata mume yangu alipokufa. Na niko hapa. Weye unajua bale benye baliandikwa beko wapi?"

Nilikaa naye alasiri nzima. Nilimwambia nyakati zimebadilika. Nilimwambia sheria inataka watuulize, na mtu akiulizwa lazima ajibu. Nilimwambia, na haya ndiyo ninayoyasikia bado kwa sauti yangu mwenyewe, kwamba akikataa yeye aliye karibu kuliko wote, atawadhoofisha wengine. Mwishowe akaondoa mkono. Nikaandika jina lake. Akatia dole gumba lenye unga wa mahindi, na alama ikatoka wazi sana.

Mtu mmoja tu alikataa mpaka mwisho. Alikuwa fundi baiskeli, nyumba yake mita mia mbili na kumi. Alisema yeye hapendi karatasi, akaendelea kuziba mpira wa ndani. Watu walimwita mwoga. Mimi pia nilimwita, si mbele yake.

Siku ya ishirini na nane nikaenda komine na maoni thelathini na nane. Karani alinipa meza, kalamu na wino. Sheria ilitaka yaandikwe ndani ya daftari lenyewe, kurasa zake zikiwa na namba na muhuri ili lisichanwe, kwa hiyo niliyanakili yote kwa mkono wangu, siku mbili, na watu wakaja wawili wawili kutia sahihi au dole. Jina, umbali, idadi ya watu, aina ya matofali, kisima. Nilipofika nyumba ya sita karani akainama juu ya bega langu.

"Muzuri sana. Una mukono muzuri, citoyenne. Ila kuko kitu moja inakosa. Karatasi ya kiwanja. Andika namba."

"Wengi hawana."

"Basi andika *hana*. Ili daftari iwe kamili."

Ilionekana kuwa jambo la haki. Nilichora safu moja zaidi upande wa kulia kwa rula. Nikaandika *hana*, na *hana*, na *hana*. Mara nne tu niliandika namba.

Wiki iliyofuata kulikuwa na kikao. Mkaguzi kutoka jimbo, injinia wa kampuni, karani na daftari lake, na sisi, watu kama mia, tumesimama kwa sababu viti havikutosha. Mpiga baruti alizungumza. Nilimtafsiria kwa Kifaransa, lakini kwa kweli hakuhitaji; alionyesha kwa mikono jinsi tundu linavyotobolewa, baruti inavyoshindiliwa, jiwe linavyochagua njia yake. Alisema nyumba ya tofali bichi inapasuka pembeni mwa dirisha kwanza. Alisema kisima cha mita nane kitakauka shimo likishuka mita ishirini. Alisema ndani ya mita mia tatu hakuna mtu anayepaswa kukaa wakati wa mlipuko, hata mbuzi.

Tulimgojea injinia abishe. Hakubisha. Alikuwa ameandika kila neno.

"Mzee huyu anasema kweli," akasema kwa Kifaransa, na akarudia kwa Kiswahili ili wote wasikie. "Mimi mwenyewe nisingekubali mama yangu akae pale. Faili letu lilikosea. Tutalisahihisha."

Watu walipiga makofi. Mkaguzi aliandika hati ya kufunga uchunguzi mbele yetu, akasaini. Njiani kurudi mjane alitembea kando yangu akiwa ameshika mkono wangu kama dada. Kwake tulikunywa munkoyo bila kulipa, na mpiga baruti alicheza, mguu mmoja mbele, mikono kiunoni, kama walivyocheza kambi ya wafanyakazi alipokuwa kijana. Nakumbuka nilifikiri: hivi ndivyo nchi inavyoendeshwa. Unapima, unaandika, unasikilizwa.

Uamuzi ulibandikwa mwishoni mwa Agosti, ukuta uleule. Niliupita mara ya kwanza bila kuelewa kwa sababu ulianza kwa kutushukuru.

Ulisema uchunguzi umeonyesha, kinyume cha faili la awali, kuwepo kwa nyumba thelathini na nane katika eneo la hatari. Ulisema wakazi wenyewe wametoa ushahidi, kwa vipimo, kwamba eneo hilo halifai kukaliwa na binadamu. Kwa hiyo kampuni imepewa ruhusa kwa sharti kwamba, kwa usalama wa umma, mita mia tatu zote ziwe tupu kabla ya mlipuko wa kwanza. Wenye karatasi watapewa kiwanja kingine. Wasio na karatasi wanakalia ardhi ya serikali kinyume cha sheria. Wana siku thelathini. Orodha imeambatishwa.

Orodha ilikuwa yangu. Ilikuwa imepigwa mashine, lakini mpangilio ulikuwa wangu, nyumba kwa nyumba jinsi kamba yetu ilivyotembea, safu ya mwisho ikisema *hana*, *hana*. Jina la mjane lilikuwa na herufi moja niliyoikosea kwa haraka, na kosa lile lilikuwepo pia.

Niliingia ndani bila kubisha hodi. Karani alisimama, akanivutia kiti.

"Uliniambia niandike *hana*."

"Nilikuambia uandike ukweli, citoyenne. Ulitaka tuandike uongo mu daftari ya serikali?"

"Tulikuja kusema tupo!"

"Na baliandika muko." Hakukuwa na dhihaka usoni mwake. Nimeitafuta miaka yote katika kumbukumbu yangu, ingenisaidia. "Faili ilisema haiko bantu. Ninyi mulisema beko. Mulishinda. Sasa sheria inasema bantu haiwezi kukaa pale. Iko mistari mbili tu, mama, ya kwanza na ya pili." Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mkaguzi alisifu daftari langu, na kwamba kwenye ofisi ya jimbo kuna nafasi ya katibu wa uchunguzi kama huu. Nikipenda.

Nilimwambia sitaki. Sikumwambia kwa ujasiri wowote. Nililia mbele yake, akanipa leso yake.

Kilimani walinijia jioni ileile. Chumba changu kilikuwa mita mia tatu na arobaini. Nilikipima mwenyewe, siku ya kwanza, kujaribu kamba. Mwanamke mmoja niliyemfundishia watoto watatu alisimama mlangoni.

"Yeye eko nje ya mustari," akawaambia wengine. "Alijua fasi ya kukata kamba."

Hakuna aliyenipiga. Walitema mate chini, mmoja baada ya mwingine, wakaondoka. Mpiga baruti hakuja. Alikuwa na karatasi. Alipewa kiwanja upande wa pili wa mji, na kampuni ikamwajiri kama mshauri wa king'ora, maana nani alijua kazi ile kuliko yeye? Alikubali. Alikuwa na wajukuu sita. Tulipokutana sokoni alinigeuzia upande wa sikio lake lililokufa, nikaelewa.

Sheria iliruhusu rufaa kwa ngazi ya juu. Niliiandika, kurasa mbili, bila kilio, nikaomba siku thelathini zisimamishwe mpaka jibu lije. Nilihitaji sahihi. Nilizunguka nyumba thelathini na nne. Nilipata moja. Mjane alitia dole bila kuniuliza karatasi inasema nini.

"Ju ya nini unanikubalia, Mama?"

"Jina yangu beko nayo tayari," akasema. "Hii haiongeze kitu."

Siku ya thelathini na moja tangu uamuzi kubandikwa walikuja na tingatinga ya manjano na askari sita. Walikuwa na orodha, nayo waliifuata kwa usahihi mkubwa. Msomaji aliita jina, mtu akatoka na vitu vyake, tingatinga ikasukuma. Tofali bichi halifanyi kelele nyingi. Kwa mjane waliita jina lenye kosa, na kwa kitambo hakutoka kwa sababu hakujua kwamba ndiye anayeitwa. Askari akaingia akamtoa kwa mkono. Baraza la saruji lilikataa kuvunjika mara mbili, tingatinga ikarudi nyuma ikalipanda. Alikuwa ameketi juu ya godoro lake lililokunjwa, ameipa tingatinga mgongo, anachambua mahindi.

Nyumba ya fundi baiskeli haikuguswa. Msomaji aliangalia orodha, akaangalia nyumba, akaangalia tena orodha. Hakuwemo. Wakaipita. Aliishi pale miaka tisa, mita mia mbili na kumi kutoka shimoni, mahali ambapo kiserikali hapakuwa na mtu. King'ora kilipolia aliingia chini ya meza na mkewe. Dirisha lilipasuka pembeni kwanza. Kisima kilikauka mwaka wa pili. Alipokwenda komine kulalamika waliangalia vitabu vyao na kumwambia eneo lile ni tupu, na kwamba wao wenyewe wameshuhudia likivunjwa.

Jibu la rufaa lilikuja Machi, mvua zikiwa bado kali. Nililisoma nikiwa nimesimama posta. Ofisi ya juu ilisema rufaa imepokelewa kwa wakati na imeandikwa vizuri, lakini haiwezi kusikilizwa, kwa kuwa mlalamikaji haishi tena ndani ya eneo linalohusika.

Niliona ni wajibu wangu kumpelekea mjane. Alikuwa mtaa wa Ruashi, kwa mke wa marehemu mwanawe, nyumba ya vyumba viwili ambayo haijaezekwa upande mmoja. Nilitembea chini ya mvua nikiwa na barua kifuani. Alikuwa jikoni, kwenye mkeka uliowekwa kando ya gunia la makala. Palionekana ndipo alipolala. Alikuwa amekonda. Mkwewe alituangalia kutoka mlangoni, hakunikaribisha, hakunifukuza.

Nilimsomea kwa Kifaransa kwanza, sijui kwa nini, halafu kwa Kiswahili. Alisikiliza akiwa ameweka mikono magotini.

"Banasema sikae tena kule."

"Ndiyo, Mama."

"Njo maana hawawezi kusikia."

"Ndiyo."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mwanafunzi ambaye hesabu imemwingia. Nilipiga magoti, nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeyaandaa maneno njiani, yalikuwa mengi, na aliniacha niyaseme yote.

"Minakusamehe," akasema. "Lakini usikuye tena hapa, usirudi. Huyu mukwe anauliza weye ni nani, ju ya nini unanitafuta. Akijua ni weye, atakuambia mambo mubaya, na mi niko mu nyumba yake, itabidi nimusaidie kukutukana."

Akanishika kiwiko kuniinua, akanitolea mwavuli wa mkwewe uliovunjika waya mmoja, akabadili mawazo, akaurudisha msumarini. Nikatoka. Mvua ilikuwa imepungua. Upande wa Naviundu king'ora kililia, mbali, kisha ardhi ikagonga mara moja chini ya viatu vyangu, na kuku wa mkwewe wakaendelea kula.